Dayati imeisha, sasa unakula kiasi gani?

Haya wapendwa, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Leo siongelei kupungua, hapa wengi mmeshapungua, naongelea ile wiki unayosema basi sasa imetosha, narudi kula kawaida, maana kwa watu ninaowafundisha jimu hapa Sinza kilo nyingi zinarudia hapo hapo, na inaniuma kwa sababu najua walivyohangaika.

Kuna dada mmoja wa Tabata ameniruhusu nimsimulie. Alianza na kilo 92, miezi tisa baadaye yuko 76, anakula kalori 1,600 kwa siku. Alitaka arudi kwenye 2,500 kwa sababu zamani alikuwa anakula hizo na haongezeki. Jamani, zile 2,500 zilikuwa za mwili wa kilo 92! Mwili wa kilo 76 unatumia kidogo, halafu ukikaa na njaa miezi yote hiyo unazidi kubana matumizi, unajikuta umekaa tu, hata kile kilichopo jikoni unamtuma mtoto akuletee, na wewe mwenyewe huoni kama umebadilika.

Sasa atajuaje namba yake? Ipo kwenye daftari lake mwenyewe. Wiki nne za mwisho alipungua kilo 1.6, yaani 0.4 kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwili tunaikadiria kalori 7,700, kwa hiyo 0.4 ni kama 3,080, gawa kwa siku saba unapata 440. Hizo 440 ndizo alizokuwa anazikosa kila siku. Jumlisha na 1,600 unapata 2,040, tukaanza na 2,000. Angerudi kwenye 2,500 angezidisha karibu 460 kila siku, mwezi mzima ni karibu kilo 1.8 za mafuta matupu.

Kaka pale nyuma ameuliza, je kama nahesabu vibaya? Swali zuri sana hilo. Labda hizo 1,600 zake kiukweli zilikuwa 1,800, haina shida, maana kosa lile lile limo kwenye kupungua kwake, mradi aendelee kupima vile vile. Balaa linakuja siku anayoacha kupima mafuta ya kupikia. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori kama 120, sasa mtu akishamaliza dayati anamimina kwa macho kutoka kwenye dumu, vijiko viwili vinakuwa vinne, hapo ameshaongeza 240 na sahani ni ile ile ya mchicha. Ndo maana nilimwambia nyongeza yako yote weka kwenye kitu kinachoonekana, akaongeza mchele gramu 100 kabla haujapikwa, kama 360 hivi, na chungwa moja. Mafuta hatukuyagusa. (Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge, usiongeze wanga kabla hujaongea na daktari wako.)

Siku ya tano akanipigia alfajiri analia, mzani unasoma 77.8. Anataka arudi 1,600 siku hiyo hiyo. Nikamwambia tulia dada yangu tuhesabu wote, kilo 1.8 za mafuta zinataka kalori karibu 14,000 za ziada, wewe siku tano zote umeongeza 2,000 tu na hizo zilikuwa zinaziba pengo. Yale ni maji. Wanga ukirudi mwili unauweka akiba kwenye misuli na ini, na kila gramu inashika kama gramu tatu za maji, bado na chakula chenyewe kilichopo tumboni. Wengi wanapotea hapa hapa, wanaogopa, wanajinyima siku tatu, ya nne wanakula kila kitu.

Utatofautishaje sasa? Maji yanakuja wiki ya kwanza na ya pili halafu yanasimama, mafuta yanapanda kila wiki bila kusimama. Pima kila asubuhi ukishatoka chooni, kabla ya chai, halafu chukua wastani wa siku saba. Wa kwake ulikuwa 77.2, halafu 77.6, halafu 77.5, wiki ya nne 77.7 ila hedhi ilikuwa karibu, ya tano 77.4. Umesimama huo. Ungepanda wiki mbili mfululizo baada ya ile ya tatu, na sio hedhi, tungepunguza 150.

Kwake ilikuwa kinyume, wiki ya sita 77.1, ya saba 76.8, maana nguvu zilirudi na akaanza kutembea kutoka kituoni badala ya kupanda boda. Tukamwongezea andazi moja la asubuhi.