Pole ya Sentensi Nne

Mwanaidi: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Baraka, rafiki yako wa Tanga alipofiwa na mama yake ulitaka kumwandikia Fesibuku, nami nikakuambia ngoja.

Baraka: Kwa sababu mwenyewe alikuwa hajatangaza. Mimi nilisikia kwa watu.

Mwanaidi: Pengine kuna kaka yuko safarini, au shangazi mwenye presha ambaye hajaambiwa. Asijue msiba kwa kuusoma kwenye simu. Wenye msiba wakishatangaza ndipo nawe uandike. Kabla ya hapo mpigie tu. Haya, soma ulichokuwa umeandika.

Baraka: “Nimepokea kwa mshtuko kifo cha mama yako aliyeugua kansa kwa muda mrefu. Usilie, kazi ya Mungu haina makosa. Apumzike kwa amani. Ukihitaji chochote, niambie.”

Mwanaidi: Kansa itoe. Ugonjwa wa marehemu ni siri ya familia mpaka waiseme wao. “Usilie” nayo itoe, mwache mtu amlilie mama yake.

Baraka: Na “kazi ya Mungu haina makosa”? Mbona tunaisema kila msiba?

Mwanaidi: Mfiwa akiisema mwenyewe, inamtuliza. Ikitoka kwako siku ya kwanza, anaweza kuisikia kama unamwambia asiumie. Mwachie yeye.

Baraka: Halafu yeye ni Mwislamu, mimi Mkristo. Sikutaka kuandika dua nisiyoizoea.

Mwanaidi: “Mungu amrehemu” inatosha. Atasema amin, nawe hujaazima maneno ya mtu. Ila kilichonisikitisha zaidi, mama mwenyewe hayumo kwenye ujumbe wako! Ungeweza kumwandikia mfiwa yeyote. Ulikuwa unamkumbuka kwa lipi?

Baraka: Tulipokuwa chuo nikienda kwao, siku ya kuondoka alinifungia vitumbua vya kula njiani. Kila mara.

Mwanaidi: Hicho ndicho cha kuandika. Watoto wa marehemu wanapenda kusikia mzazi wao alivyoishi na watu wengine.

Baraka: Na “ukihitaji chochote”?

Mwanaidi: Hapo unampa kazi ya kufikiri cha kukuomba, na kichwa chake kimejaa mambo ya maziko. Sema utakachofanya. Rambirambi ya pesa usiitaje mbele za watu, itume kimyakimya.

Baraka: Basi mwisho niliandika hivi: “Pole sana ndugu yangu, wewe na nyumba nzima. Sijasahau vitumbua alivyonifungia mama kila nilipoondoka kwenu. Mungu amrehemu. Ijumaa nakuja, nitalala hapo msibani.”

Mwanaidi: Sentensi nne. Hukumuuliza kitu, kwa hiyo hata asipojibu hana deni.

Baraka: Alijibu, lakini baada ya siku tatu.

Mwanaidi: Alisemaje?

Baraka: “Vile vitumbua alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kuvipika. Alinikataza nisikuambie.”