Daftari Likaguliwe Lini? Mhadhara kuhusu Ratiba za Uimarishaji Darasani

Walimu wenzangu, pamoja nanyi wanachuo mnaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, nimeombwa nizungumzie ratiba za uimarishaji. Mada hiyo ni pana, kwa hiyo nitaipitia kwa njia ya shughuli moja ambayo kila mmoja wetu huifanya, nayo ni ukaguzi wa madaftari.

Msingi wenyewe mnaujua: tendo likifuatiwa na matokeo anayoyapenda mtendaji, huelekea kurudiwa, na hapo husemwa kuwa limeimarishwa. Ratiba ya uimarishaji ni kanuni inayoamua ni mara zipi, kati ya mara nyingi ambazo tendo limefanyika, litapata malipo. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alilifikia swali hili kwa sababu ya uhaba. Alikuwa akiwalisha panya wake vidonge vya chakula alivyovitengeneza kwa mikono, na Jumamosi moja alasiri akapiga hesabu akaona kuwa akiba yake ingekwisha Jumatatu asubuhi. Badala ya kuumaliza mwisho wa juma akitengeneza vidonge, aliamua kulipa tendo moja tu kwa kila dakika, na panya wakaendelea kubonyeza kijiti kwa mwendo wa kutabirika. Mwaka 1957 yeye na Charles Ferster walichapisha kitabu kikubwa chenye michoro ya ratiba za kila namna. Kati ya hizo, zinazotuhusu leo ni zile zinazofuata muda.

Malipo yakitolewa kila baada ya muda uleule, mnyama hutulia mara tu anapolipwa, huanza kazi polepole, kisha huongeza kasi kadiri muda unavyokaribia kutimia. Muda ukiwa unabadilika, mara mfupi, mara mrefu, kituo kile hutoweka na kazi huenda kwa mwendo wa wastani usiokatika, kwa kuwa hakuna saa ambayo kufanya kazi ni bure kabisa. Mwalimu anayekusanya madaftari kila Ijumaa ataitambua picha ya kwanza: Jumatatu na Jumanne kurasa ni tupu, na Alhamisi jioni maswali ya juma zima yanajazwa kwa mwandiko wa haraka, mengine yakiwa yamenakiliwa kwa jirani.

Hapa sina budi kuweka tahadhari ambayo vitabu vingi vya ualimu huiruka. Kwenye kisanduku cha maabara, tendo lililofanywa kabla ya muda kutimia halina faida yoyote. Linalolipwa ni lile la kwanza baada ya muda kutimia. Darasani kazi ya Jumatatu haipotei, kwani Ijumaa itahesabiwa, na zaidi ya hayo mtoto anajua siku za juma na ameambiwa tarehe ya mwisho. Kwa hiyo ukaguzi wa Ijumaa unafanana na ratiba ya muda maalumu bila kuwa ndiyo yenyewe. Hata hivyo, tofauti kati ya siku inayojulikana na siku isiyojulikana imejaribiwa shuleni: mwaka 1977 Saudargas, Madsen na Scott walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa shule ya msingi huko Marekani, ambao taarifa za kazi zao zilipelekwa nyumbani ama siku maalumu, ama siku ambazo mtoto hakuweza kuzitabiri. Watoto walikamilisha kazi nyingi zaidi katika mpango wa pili.

Tuchukue darasa la wanafunzi 60, ambalo mwalimu wake hawezi kusahihisha madaftari yote kila siku. Anaandika namba 1 hadi 60 kwenye vikaratasi, anavitia ndani ya kopo, na kila siku mwishoni mwa kipindi anachomoa vikaratasi 10 mbele ya darasa. Madaftari hayo 10 anayasahihisha papo hapo, kwa alama na kwa neno moja mahususi juu ya kile mwanafunzi alichokipatia. Jambo la kuangaliwa sana ni kwamba vikaratasi vilivyochomolewa lazima virudishwe ndani ya kopo. Visiporudishwa, aliyekaguliwa Jumatatu anajua kwamba ana likizo mpaka kopo litakapokwisha, na kile kituo baada ya malipo tunakuwa tumekirudisha sisi wenyewe.

Kurudisha nako kuna gharama yake. Kila mwanafunzi ana nafasi moja kati ya sita kwa siku, na ukikokotoa utaona kwamba baada ya siku 10 za shule takriban wanafunzi 10 kati ya 60 watakuwa hawajachaguliwa hata mara moja. Hao ndio watakaoacha kuandika. Dawa yake ni kuweka alama kwenye orodha ya mahudhurio na, kila baada ya siku chache, kumwongeza kimyakimya yule aliyekaa muda mrefu bila kukaguliwa. Vilevile mpango usianze na darasa lisilo na mazoea ya kuandika. Siku za mwanzo kila daftari lipate angalau tiki na neno, ndipo idadi ipunguzwe kwa hatua. Ukiona kurasa zilizoishia katikati zinaongezeka mara baada ya kupunguza, umekwenda haraka mno. Rudi hatua iliyotangulia, ukae hapo kwa muda.

Mpango mzima, bila shaka, unasimama juu ya dhana kwamba kukaguliwa ni jambo ambalo mtoto analitaka. Pale ambapo kuchaguliwa maana yake ni kusimamishwa na kukemewa, kopo lilelile linakuwa bahati nasibu ya adhabu, na kinachoimarishwa ni kila mbinu ya kuikwepa: daftari "limesahaulika nyumbani", au mtoto anaomba ruhusa ya kwenda msalani dakika tano kabla ya uchomoaji.

Sasa niseme juu ya ratiba ambayo hatukuipanga. Mwalimu ametangaza kwamba hatamchagua anayepiga kelele ya "Mwalimu, mimi! Mwalimu, mimi!" Anawapuuza kwa muda, kelele zinazidi, kwani tendo lililozoea kulipwa huongezeka kwanza pale malipo yanapokatwa, na katika sauti ya kumi na mbili anachoka na kusema, "Haya, sema." Kesho yake anavumilia hadi ya tano, keshokutwa hadi ya ishirini. Hiyo ni ratiba ya idadi inayobadilika, ambayo maabara imeonyesha kuwa huleta matendo mengi kwa kasi, na tabia iliyojengwa nayo huchelewa sana kufifia malipo yanapokoma. Kwa maoni yangu mwalimu huyu amefanya vibaya kuliko yule anayewajibu wote kila mara, maana tabia iliyokuwa ikilipwa kila mara hufifia mapema zaidi malipo yakikatwa. Kama hana uhakika wa kuvumilia hadi mwisho, heri asianze kupuuza, bali aanze kwa kumwita haraka kila aliyenyoosha mkono kimya, tangu swali la kwanza.

Atakayetaka kulijaribu kopo ahesabu kwanza, kwa majuma mawili kabla ya kubadilisha chochote, ni madaftari mangapi yana zoezi lililokamilika kila siku, akiandika Jumatatu peke yake na Alhamisi peke yake. Asilinganishe jumla za juma, kwa sababu jumla inaweza kubaki ileile ilhali kazi imesambaa vizuri zaidi. Alinganishe Jumatatu ya kabla na Jumatatu ya baada.