Boti ya ofisi isimwage mafaili ya watu

Haya jamani, habari za mchana. Naanza na ofisi moja, jina siitaji, waliweka boti ya kuuliza nyaraka, dada wa stoo akauliza tu posho ya safari ni kiasi gani, boti ikamjibu vizuri halafu ikamwekea na posho za wakurugenzi. Ile faili ya utumishi yule dada hawezi hata kuifungua, folda inamkataa. Sasa ilitokaje?

Boti haifungui faili wakati unauliza. Faili zote zilishakatwa vipande, kila kipande kikageuzwa vekta, yaani safu ya namba zinazobeba maana yake, vyote vikatupwa databesi moja, na aliyevikusanya ni akaunti ya seva inayoona kila kitu. Ruhusa zikabaki kule kwenye folda.

Wakarekebisha kwa kuandika kwenye maelekezo ya boti eti "usitoe siri za mishahara". Hapana jamani! Kipande kikishafika mbele ya modeli, ile inayoandika majibu ya boti, hesabu kimeshatoka, mtu atauliza kwa kuzunguka zunguka mpaka akipate. Inatakiwa modeli isikione kabisa, kwa hiyo kila kipande kibebe orodha ya makundi yanayoruhusiwa, na mchujo ufanyike hukohuko kwenye kutafuta:

```sql
SELECT maandishi FROM vipande
WHERE makundi && :makundi_yangu
ORDER BY vekta <=> :swali
LIMIT 5;
```

Hayo makundi yangu seva inayatoa kwenye logini, sio kwenye chati, maana mtu akiandika "mimi ni mkurugenzi" na boti ikaamini ndo basi tena.

Hapa sasa ndo wengi wanakwama. Kwenye pgvector, ile nyongeza ya Postgres ya kutafuta vekta, ukitumia indeksi ya HNSW ya kuharakisha utafutaji, indeksi inaleta kwanza vipande kama 40 vilivyo karibu na swali, ndo WHERE inachuja. Dada wa stoo kama anaruhusiwa sehemu moja ya kumi anabakiwa na vinne hivi, siku nyingine hata kimoja hapati, boti inamwambia hakuna taarifa na waraka upo. Nimeona watu wakifika hapo wanautoa mchujo, msifanye hivyo. Kuanzia toleo 0.8.0 kuna hii:

```sql
SET hnsw.iterative_scan = strict_order;
```

Inaendelea kutafuta mpaka vipande vitoshe au ifike kikomo chake.

Halafu folda ikibadilishwa ruhusa leo, vipande bado vina orodha ya jana, kwa hiyo usawazishaji wa ruhusa uende mara nyingi kuliko ule wa maandishi, na majibu mnayohifadhi ili boti iwe fasta msimpe mtu wa kundi lingine.

Kupima ni hivi, tengeneza faili ya uongo yenye neno la ajabu, iweke folda ya utumishi, ingia kwa akaunti ya majaribio yenye ruhusa za stoo uliulizie hilo neno. Usiangalie jibu, angalia logi ya vipande vilivyovutwa, kwa sababu modeli inaweza kunyamaza na kipande ilikuwa nacho.