Yai lilipasuka njiani, si kwenye sufuria

Bamama na bapapa, karibuni. Wengi wenu mmeshanisikia juu ya jambo hili, na mama mmoja pale mbele ameanza kucheka hata sijafungua kinywa. Cheka tu, mama. Nitarudia mpaka mtakapoacha kuniuliza habari za kutoboa yai kwa sindano ili lisipasuke likichemshwa.

Mayai mengi yanayopasuka yakichemshwa yalikuwa na ufa kabla ya kuona moto. Angalieni njia yenyewe. Yai linatoka Uganda kwa lori, linavuka mpaka, linapakiwa kwenye pikipiki, linatikiswa juu ya mawe ya volkano mpaka Birere, hapa Goma. Unene wa ganda ni kama milimita 0.3 hadi 0.4 tu, na kuku aliyezeeka hutaga yai kubwa lenye ganda hafifu zaidi. Linapata ufa mwembamba kama unywele. Utando ulio chini ya ganda bado mzima, kwa hiyo yai halivuji, na wewe unalinunua. Likiingia kwenye maji ya moto, vya ndani vinapanuka, utando unaachia palepale penye ufa, ute unamwagika. Halafu lawama yote inaangukia maji!

Basi, chukua trei yako ya mayai 30 kabla hujawasha makala. Shika mawili, yagonganishe taratibu huku unayazungusha ili kila upande uguswe. Mazima yanatoa sauti kavu, kali. Lenye ufa linatoa sauti iliyokufa, na sikio lako litaizoea upesi. Ukiwa na shaka, ingia mahali penye giza, washa tochi ya simu, weka yai juu yake. Ufa utaonekana kama mstari unaong'aa. Ukielekeza mwanga kwenye kitako, ule upande mpana, utaona pia chumba cha hewa. Kikiwa kikubwa, yai limekaa siku nyingi. Yenye ufa yatenge, yakaange leo leo mpaka yaive kabisa. Na kama muuzaji anakubali, pimia hapo hapo sokoni kabla ya kulipa. Atakununia, lakini hasara itabaki kwake.

Najua kuna papa anasema moyoni: mimi nilipima yote, na bado moja lilipasuka. Ndiyo, kwa sababu maji yanayotokota kwa fujo yanalirusha yai kwenye chuma, na kwenye yai jingine. Mayai yaliyopangwa tabaka mbili, babula limejaa makala yanayowaka, unategemea nini? Maji yakishachemka, punguza makala au ziba mlango wa chini wa babula, yabaki yakitetemeka tu. Yai litaiva vilevile. Hapa Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemkia kama nyuzi 95. Kuongeza moto hakuyapandishi zaidi ya hapo, kunamaliza makala yako tu. Ongeza dakika moja au mbili, basi. Na usiliachie yai kutoka juu. Lishushe na kijiko mpaka liguse chini.

Haya, sindano. Hewa ya kile chumba ikitoka nyuzi 20 kufika 95 inataka nafasi zaidi kwa karibu robo. Sehemu inatoka yenyewe kupitia vitundu vya ganda, ndiyo vile viputo mnavyoviona kwenye kitako. Kutoboa kitako kunaisaidia itoke haraka, na yai linapata umbo zuri bila shimo chini. Lakini tundu haliponyi ufa wa njiani, wala halizuii yai kugonga chuma. Zaidi ya hayo, mkono mzito unaanzisha ufa palepale, na sindano ikizama sana inatoboa utando wa ndani, ute unatoka. Anayetaka atoboe. Mimi sihangaiki.

Kuanza na maji baridi? Kunasaidia kiasi, kwa sababu hewa inapata muda wa kutoka. Ila ganda linang'ang'ania ute, na wewe unayemmenyea mteja yai barabarani unampa yai lililochunika. Ndiyo maana naanza na maji ya moto.

Na kuacha yai lipate joto la chumba, hilo ni shauri la wenye friji, yai lao likiwa na nyuzi 4. La kwenu limelala sokoni. Hilo joto la chumba tayari linalo.

Siki na chumvi sitazifikia leo, wenye ukumbi wananionyesha saa. Kwa ufupi: hazizuii kupasuka, zinagandisha ute upesi usitapakae. Papa wa nyuma, uliza, lakini kama ni sindano tena, nakaa chini.