Kitabu cha Keki Hakijui Bei ya Mayai Kongowea

(Mhadhara kwa wapishi wa nyumbani, Mombasa)

Ahsanteni. Naona kalamu ziko tayari mkingoja niwatajie vitabu kumi vya kununua. Sitavitaja. Anayetaka kuuza keki kutoka jikoni kwake anahitaji vitabu viwili: kimoja cha upishi kilichoandikwa kwa gramu, na daftari la kurasa mia ambalo ataliandika mwenyewe. Wanaonijua wameshaanza kucheka, maana hili la daftari nimelisema mpaka nimechokwa. Leo nalisema tena, kwa sababu bado mnauza keki kwa hasara na mnaniambia biashara inakwenda.

Tuanze na cha upishi. Ukikishika dukani, usitazame picha. Fungua resipe yoyote uone unga umepimwaje. Kikisema vikombe tu, kirudishe rafuni. Kikombe cha unga uliochotwa moja kwa moja kwenye pakiti hufika gramu 150, na kilichojazwa kwa kijiko kikasawazishwa huwa kama 120. Kwa vikombe vitatu umeshapishana gramu 90, na keki ya Jumamosi haitafanana na ya Jumatano. Na kikombe chenyewe cha nani? Cha Mmarekani ni kama mililita 240, cha Mwaustralia 250. Yai nalo, vitabu vya Amerika vikisema yai kubwa vinakusudia kama gramu 50 bila ganda. La kuku wa kienyeji mara nyingi halifiki hapo. Livunje, lipime.

Kitabu kimoja nitakitaja kwa sababu kinaonyesha ninachotaka: The Cake Bible cha Rose Levy Beranbaum, cha mwaka 1988. Kila resipe ina jedwali lenye vipimo vya ujazo na vya uzito ubavuni. Hivyo ndivyo kitabu cha mtu anayetaka kuuza kinavyotakiwa kuwa.

Najua kuna atakayesema bibi yake alipika mkate wa mayai maisha yake yote bila mizani. Kweli. Alipika kwa sufuria ileile, bakuli lilelile, mkono uleule, na hakuna mteja aliyempigia simu akisema nataka mbili kama ile ya harusi ya fulani, moja ya Nyali na moja ya Likoni, na zifanane. Halafu mkate wa mayai una bahati yake hapa pwani. Hauna siagi, na mayai yenye joto huumuka vizuri zaidi yakipigwa. Hali yetu ya hewa inausaidia.

Keki ya siagi ndiyo inayotesa. Vitabu karibu vyote vinasema siagi iwe na joto la chumba. Chumba cha nani? Mwandishi yuko kwenye baridi yake, chumba chake ni nyuzi 18 mpaka 21. Cha Majengo mwezi wa Februari kinakaribia nyuzi 30, wakati mwingine kinapita. Ukiiacha siagi mezani saa nzima kama kitabu kinavyoagiza, inakuwa karibu mafuta. Na kazi ya siagi pale unapoipiga na sukari ni kushika hewa. Mafuta hayashiki hewa. Matokeo mnayajua: keki nzito, chini ina mstari mweusi uliobana, karatasi imelowa, na lawama inapewa beking pauda.

Bonyeza siagi kwa kidole. Kidole kiache shimo, lakini siagi ising'ae. Ikishang'aa, imekwisha kupita, irudishe frijini. Hapa kwetu dakika chache nje ya friji zinatosha, mayai yatoke kwenye baridi, na bakuli ukiliona limepata joto liweke ndani ya beseni la maji baridi uendelee kupiga. Hilo andikeni pembeni ya ukurasa, kwa kalamu, ndani ya kitabu chenyewe. Kitabu cha kazi si msahafu, kichoreni.

Sasa nije kwenye daftari, na hapa nitakaa. Mwenye mkutano usinitazamie saa.

Vitabu vya biashara ya chakula vina milango mingi: jina la biashara, nembo, kupiga picha, namna ya kuongea na mteja. Mlango wa hesabu huwa mfupi, na wasomaji wengi wanauruka. Ndio mlango pekee ninaotaka muusome. Na mkiusoma mtakuta kanuni moja inayorudiwa kila mahali: gharama ya vitu vya kupikia isizidi thuluthi moja ya bei. Yaani piga vitu mara tatu, upate bei. Kanuni hiyo imetoka mahotelini, kwa watu wa wali na kuku. Tuone inafanyaje kazi kwa keki.

Chukua keki ya kawaida, tini la inchi 8. Unga gramu 250, sukari 250, siagi au majarini 250, mayai matano. Bei nitatoa za mfano, kila mtu atie za duka lake. Unga wa shilingi 100 kwa kilo, hiyo ni 25. Sukari ya 160, hiyo ni 40. Majarini ya 400 kwa kilo, hiyo ni 100. Mayai ya 15 kila moja, hiyo ni 75. Vanila, maziwa kidogo na beking pauda, weka 20. Jumla 260. Krimu ya kupaka, weka 150. Vitu vya kupikia ni shilingi 410. Mara tatu, 1,230.

Sasa tuiandike hesabu kamili, ile ambayo hamtaki kuiandika. 410 za vitu. Bodi na boksi 100. Gesi 50, kwa sababu oveni haiwaki kwa dua. Tumefika 560. Halafu saa zako. Kupima, kupiga, kuoka, kusubiri ipoe, kupaka, kuosha vyombo, na ile nusu saa ya kumjibu mteja anayeuliza kama rangi ya waridi ni ya waridi kweli. Weka saa tatu. Ungemwita binti wa jirani akusaidie ungemlipa ngapi kwa saa? Tuseme 150. Hiyo ni 450. Tumefika 1,010. Na katika kila keki kumi, moja itazama au itavunjika kwenye tuktuk, kwa hiyo ongeza sehemu ya kumi ya zile 560, yaani 56. Jumla 1,066. Ukiuza 1,230 unabaki na 164, na humo humo mashine ya kupigia izeeke na tini lipate kutu. Si nyingi, lakini unaishi.

Sasa mteja yuleyule anataka ya arusi ndogo, saizi ileile, yenye maua ya sukari yaliyotengenezwa kwa mkono. Vitu vya kupikia vimepanda kidogo tu, tuseme 600, maana sukari ya maua si ghali. Kanuni inasema mara tatu, 1,800. Na wengi wenu hapo ndipo mnapouzia, na mnafurahi. Lakini kwa ajili ya maua, keki nzima imekukalisha chini saa tisa. Saa tisa mara 150 ni 1,350. Vitu 600, boksi na gesi 150, ya kuharibika 75. Jumla 2,175. Umeuza 1,800. Umempa bibi harusi zawadi ya shilingi 375, na jina lako halikuandikwa kwenye orodha ya waliotoa zawadi.

Mnaona kasoro ilipo? Kanuni ya mara tatu inadhani kazi inapanda pamoja na vitu. Kwenye pilau inapanda. Kwenye keki, unga unabaki uleule na kazi inapanda peke yake. Kwa hiyo keki tupu kanuni inaifaa, na keki ya mapambo inaiua. Kitabu chochote cha biashara utakachonunua, tafuta kama kinahesabu saa mbali na vitu. Kisipofanya hivyo kimeandikwa kwa ajili ya mkahawa.

Mtaniambia, "Mama, nikiuza hivyo jirani atauza 900, atanichukulia wateja." Atawachukua. Mwache. Anayeuza 900 keki ya 1,066 hana biashara, ana sadaka, na sadaka ina mwisho wake. Lakini pia msimcheke, pengine ana hesabu yake: anaoka tini nne kwa mpigo mmoja, gesi ileile, saa zilezile zimegawanywa kwa nne. Ukitaka kushusha bei, shusha kwa njia hiyo. Usijifute wewe kwenye daftari.

Halafu hii ya saizi, ambayo inanikera. Mteja ameagiza inchi 8, amebadilisha anataka 12, nanyi mnasema ongeza mia tano. Tini la duara linapimwa kwa eneo. 8 mara 8 ni 64, 12 mara 12 ni 144. Gawanya: mara mbili na robo. Vitu vya 410 vimekuwa vya 922 kwa keki ya kimo kilekile. Ile mia tano yote imeliwa na unga na mayai, bodi kubwa bado, gesi bado. Na beking pauda msiizidishe hivyo hivyo: tini likipanuka, kiasi chake kwa unga hupungua kidogo, la sivyo keki inapanda haraka na kuzama katikati. Hilo kitabu cha Beranbaum kinalieleza vizuri.

Na sisi tunauza kwa kilo, jambo ambalo vitabu vya nje havilijui. Mchanganyiko wa kilo moja ukitoka oveni umepoteza kama gramu mia kwa mvuke, halafu krimu inaongeza mia tatu. Amua kama kilo yako ni kabla au baada ya krimu, mwambie mteja kabla hajalipa, uandike.

Naambiwa zimebaki dakika tano. Sheria, basi, kwa haraka. Kuna kitabu kinaitwa Homemade for Sale, cha 2015, kizuri sana, lakini sheria zake za kuuza kutoka jikoni ni za majimbo ya Amerika. Mlango huo urukeni. Hapa ni kibali cha kaunti, ukaguzi wa afya, na cheti cha uchunguzi wa mshika chakula kinachofanywa upya kila miezi 6. Ukitaka kupanga keki zilizofungwa kwenye rafu za supamaketi, hapo KEBS wanaingia. Nendeni ofisi ya afya ya kaunti muulize, msiulize mitandaoni.

Nilitaka kusema habari ya picha na ya kuvusha keki kwa feri mchana wa jua, sitaifikia. Arbuni ni nusu, kabla hujanunua hata yai moja, hata kama mteja ni shangazi yako. Na shangazi ndiye zaidi. Haya, maswali. Dada aliyenyoosha mkono kule nyuma, sema kwa sauti.