Hayo masaa thelathini umeyatoa wapi?

Jamani wa nyuma sogeeni, mlionisikia mwaka jana mnajua naanzia wapi, ni kwenye hii ratiba ya kujisomea, karatasi ya rangirangi inayobandikwa ukutani. Hii ni ya binti wa fomu foo hapa Moshi, shule ya kutwa, kakubali niioneshe. Jumatatu mpaka Ijumaa, saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, masaa sita kila siku, thelathini kwa wiki! Nikamuuliza saa kumi na moja unakuwa wapi? Ndani ya daladala, inasubiri ijae. Akifika home kuna maji ya kuchota, ndizi za kumenya, mdogo wake wa kuogesha, wanakula, anaosha vyombo, anashika daftari saa mbili na nusu na ikifika saa nne na nusu kichwa kiko mezani. Masaa mawili hayo, kumi kwa wiki. Hayo ishirini mengine ni hewa, na ndo yanamfanya kila Ijumaa aone kaivuruga ratiba, aichane, achore mpya. Na usiniambie "mwalimu mi nitaamka saa tisa", we saa tisa unaamka umelala saa ngapi? Wiki moja usipange kitu, andika tu muda uliokaa kweli, ndo upange kwa huo, na jioni moja iache tupu ya kufidia siku umeme ukikatika.

Haya, Hisabati iko wapi? Jumamosi jioni, nje ya hayo thelathini, mara moja, baada ya kufua. Baiolojia mara nne, na ana A! Najua mnachotaka kusema, divisheni wanachukua masomo saba bora kwa hiyo F ya Hisabati itajificha. Sawa, ila kwenye masomo tisa yanajificha mawili tu na yeye Fizikia nayo inayumba, likiteleza la tatu je? Na huyo anataka PCM, Fizikia, Kemia na Hisabati! Tumekata Baiolojia mbili, tumeweka Hisabati saa mbili na nusu kabla hajachoka.

Sasa kurudia. Ebbinghaus, yule Mjerumani aliyechunguza kumbukumbu, alijipima mwenyewe akaandika tangu 1885 kwamba usahaulifu mkubwa unakuja mwanzoni kabisa. Kwa hiyo logi ukizisoma Jumatatu, Jumanne dakika kumi, daftari limefungwa, karatasi tupu: log 2 + log 5. Ukipata 1 na ukaeleza kwa nini, rudi Ijumaa, halafu Ijumaa inayofuata, halafu baada ya wiki mbili. Ukiandika log 7 umenaswa, soma upya na kesho ujipime tena. Kupitisha macho kwenye notsi huku unatikisa kichwa "hii naijua" sio kurudia, unaitambua tu kwa sababu iko mbele yako.

Nilitaka nigusie mitihani ya nyuma ila wenye ukumbi wanataka funguo. Mwenye ratiba yake apite mbele, kalamu nyekundu ninayo.