Wiki Mbili Kabla ya Kugusa Akiba

Ndugu zangu, baadhi yenu mmeshanisikia nikisema haya, na nitayarudia: jaribu kuuza kwa wiki mbili kabla ya kutoa akiba yako kununua vifaa. Nayarudia kwa sababu bado watu wananijia na risiti ya mashine mkononi huku hawajapata mteja hata mmoja. Wananiuliza watafutaje wateja. Swali hilo lilitakiwa kuja kabla ya risiti.

Tuchukue kazi moja tuifuate mpaka mwisho: kusafisha mazulia majumbani, jioni na siku za mapumziko, huku ajira yako ikiendelea. Nitatumia namba za mfano tu. Wewe weka za kwako. Mashine inauzwa 4,500. Kazi moja unatoza 100. Ukitoa sabuni na nauli, 25, unabaki na 75. Gawa 4,500 kwa 75: unahitaji kazi 60 ili mashine irudishe fedha yake, na hapo hujajilipa chochote.

Sasa jiulize unataka fedha hiyo irudi baada ya muda gani. Ukisema miezi sita, yaani kama wiki 26, unahitaji kazi mbili na kidogo kila wiki, sawa na kazi tano katika siku 14. Andika hiyo tano kwenye karatasi kabla hujaanza, na mpe mtu akutunzie. Asiyeandika, siku ya kumi na nne akiwa na kazi mbili, atasema mbili si haba.

Halafu anza kuuza, na bado hujanunua kitu. Tafuta mahali pa kukodi mashine kwa siku, ujue bei yake, ujue inapatikana lini. Wapigie watu, waandikie, bisha hodi kwenye milango. Taja bei kamili, taja siku, omba theluthi moja ya malipo mkononi. Ukishapata kazi tatu za siku moja, ndipo unakodi. Usipopata, mrudishie kila mtu fedha yake yote siku hiyo hiyo, na akiba yako haijaguswa.

Hapa ndipo watu hunibishia, na hapa nitakaa kidogo. Wanasema, "Lakini niliuliza watu thelathini, wote wakasema wazo zuri." Ndiyo, watasema! Kusifu hakumgharimu mtu chochote. Anayekwambia "ukianza niambie" hajakuahidi kitu; amemaliza mazungumzo kwa adabu. Mwambie, "Nimeanza, Jumamosi nina nafasi saa nne, malipo ya awali ni 33," kisha nyamaza usikilize. Anayelipa ni mteja. Anayesema atakupigia, mwandike safu nyingine, na safu hiyo usiihesabu kamwe.

Mwingine atasema hawezi kudai fedha bila kuwa na mashine yake. Kwani mwenye zulia ananunua mashine? Ananunua zulia safi siku mliyokubaliana. Mashine ni ya nani halimhusu, mradi kazi ifanyike vizuri.

Na wa tatu ataniambia aanze kwa nusu bei ili apate watu. Hapana. Ukiuza kwa 50 umepima kazi ya 50, ambayo baada ya gharama inakuachia 25, na mashine itahitaji kazi 180. Hiyo ni biashara nyingine kabisa.

Sasa jambo linalowaangusha hata walio makini. Tuseme siku 14 zimekwisha, umefanya kazi sita. Umevuka tano! Subiri. Wangapi kati ya hao sita walikujua kabla? Kama wanne ni shangazi, jirani, na wenzako wawili wa kazini, wageni ni wawili tu, yaani mmoja kwa wiki. Shangazi hatasafisha zulia tena wiki ijayo, na mashangazi wanaisha. Kwa kasi ya wageni, kazi 60 zitachukua wiki 60, si 20 kama daftari linavyokudanganya. Kwa hiyo ile tano iwe ya wageni peke yao, au ya walioletwa na mteja uliyemhudumia. Hao wa kuletwa ndio dalili bora kuliko zote.

Muda unakwisha, niharakishe. Siku 14 zako zisianze siku ya mshahara. Zipange ziwe na siku za mfuko mzito na za mfuko mwepesi. Andika saa zote, pamoja na safari na kusubiri mlangoni: kazi ya 75 ikila saa tatu, unalipwa 25 kwa saa, na wewe ndiye utakayeamua kama jioni zako zina thamani hiyo. Wiki mbili hazitakuonyesha kama mteja atarudi, maana zulia husafishwa baada ya miezi. Ndiyo maana hata aliyefaulu namshauri aendelee kukodi, mpaka gharama ya kukodi kwa mwezi ianze kumuuma kweli. Maswali?